Shajara ya Mradi: Chakula cha Juma Kati ya Gulio na Gulio

Jumanne, mkesha wa gulio

Mradi huu unahusu jiko moja la watu sita katika kijiji cha milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ambako gulio hufanyika mara moja kwa juma, siku ya Jumatano. Nyumba yetu haina friji. Duka la kijijini huuza unga, mchele, mafuta, chumvi na sukari siku zote, lakini mboga mbichi hazipatikani kwa uhakika hadi gulio lifike tena, na bustani iliyo nyuma ya nyumba hutoa sukuma wiki na majani ya maboga kwa kiasi kidogo, tena mvua inapokuwa nzuri. Lengo ni kupanga milo ya siku 7 kwa namna ambayo kinachoharibika haraka kitaliwa mwanzo na kinachovumilia kitasubiri, ili Jumanne inayofuata isitukute tukiwa na ugali mtupu mezani.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, amekuwa akipika kwa utaratibu huu tangu ujana wake bila kuuandika popote. Kazi yangu ni kuuandika, kuuliza sababu ya kila hatua, na kuangalia ni wapi utaratibu huo unahitaji kurekebishwa kwa kuwa vitu vinavyoletwa gulioni sasa ni vingi kuliko vya zamani na vingine hutoka mbali.

Jambo la kwanza tuliloafikiana ni kwamba ugumu wa kitu mkononi si kipimo cha kutosha. Mboga au mzizi uliokwisha kuvunwa huendelea kupumua na kupoteza maji, na kila kimoja hufanya hivyo kwa kasi yake. Jani la mchicha ni pana na jembamba, hivyo maji hutoka upande wote. Kitunguu kimefungwa ndani ya maganda makavu na kiko katika hali ya kupumzika. Hao wawili hawamsumbui mtu. Wanaosumbua ni wale ambao kwa sura ni wagumu na kwa tabia ni wepesi kuharibika, na hapo muhogo ndio unaoongoza.

Jumatano, siku ya gulio

Saa ya kwenda gulioni inaamua mengi. Asubuhi majani bado yana umande na bei iko juu. Kuanzia saa tisa alasiri wauzaji hushusha bei kwa sababu hawataki kurudi na mzigo, lakini majani yamekwisha kukaa juani kwa saa nyingi. Tumeamua kugawa safari mara mbili. Asubuhi tunanunua majani ya kuliwa kesho, pamoja na nyanya ambazo bado hazijabinywa na mikono ya watu wengi. Alasiri tunanunua majani ya kuliwa usiku huohuo, kwani kunyauka kwake hakuna madhara kwa chakula kitakachokuwa sufuriani baada ya saa mbili, na viazi, vitunguu na karoti ambavyo jua la siku moja haliviharibu sana. Viazi tunavipokea kwa sharti moja: viwe vimefunikwa na gunia, kwa sababu kiazi mviringo kilichoanikwa kwenye mwanga hugeuka kijani, huwa kichungu, na sehemu hiyo ya kijani ina sumu iitwayo solanini. Muuzaji aliyetandaza viazi vyake juani tangu asubuhi tunampita.

Mchicha tumenunua wa aina mbili. Ule uliokatwa shina umepikwa leo. Ule uliong'olewa na mizizi yake tumeusimamisha ndani ya bakuli lenye maji ya kufunika mizizi tu, majani yakiwa makavu, na juu yake tumetandika kitambaa chenye unyevu. Mama mkwe alisisitiza kwamba majani yasioshwe hadi dakika ya kupika, kwa kuwa maji yanayobaki katikati ya majani yaliyobanana ndiyo huanzisha uozo.

Nyanya tumenunua sado moja, tukazichagua kwa hatua tatu za kuiva. Theluthi moja ilikuwa nyekundu kabisa, nyingine ilikuwa imeanza kugeuka rangi kama waridi, na iliyobaki ilikuwa ya kijani iliyokomaa yenye alama ndogo ya njano kitakoni. Nyanya iliyokomaa huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo theluthi hizo tatu zinatupa nyanya nzuri ya Alhamisi, ya Jumamosi na ya Jumatatu bila kurudi gulioni. Ukinunua nyekundu tupu unalazimika kuzimaliza zote kufikia Ijumaa. Ukinunua za kijani ambazo hazijakomaa, zitasinyaa kabla ya kuiva. Tumeuliza pia aina. Nyanya zenye ganda nene na umbo lililorefuka kidogo, kama Tanya na Tengeru 97, zinastahimili safari na kukaa kuliko zile za mviringo zenye ganda laini, ingawa kwa kachumbari mimi bado ninazipenda hizi laini.

Mihogo ilipandishwa na gari kutoka tambarare ya Korogwe. Nilitaka kuchukua mingi kwa ajili ya kifungua kinywa cha juma zima, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Mama mkwe alimgeukia muuzaji kwanza.

“Mama, mihogo hii iling'olewa lini?”

“Jana jioni, dada yangu.”

“Basi nivunjie huu tuuone.”

Muuzaji aliuvunja. Nyama yake ilikuwa nyeupe pote, bila mistari. Tulinunua kilo tatu tu, kiasi cha asubuhi mbili, na hapo ndipo palipo kiini cha mradi huu kwa maoni yangu, kwa hiyo nitaandika zaidi kesho.

Mlo wa jioni: ugali, mchicha uliokatwa shina, na nusu ya nyama ya ng'ombe tuliyonunua. Nusu ya pili imechemshwa kwa chumvi na tangawizi hadi ikaiva kabisa, na imeachwa ndani ya sufuria iliyofunikwa bila kufunuliwa tena. Itachemshwa upya asubuhi na kuliwa mchana. Nyama haivuki Alhamisi katika nyumba hii.

Alhamisi

Kifungua kinywa kilikuwa mihogo ya kuchemsha na chai. Kabla ya kumenya niliikata mihogo yote vipande viwili ili kuiangalia. Mitatu ilikuwa imeanza kuonyesha nukta za bluu iliyokolea karibu na ganda, hasa upande uliochubuliwa na jembe au uliovunjika wakati wa kung'oa. Hiyo si ukungu. Muhogo ukijeruhiwa na kuingiwa na hewa, mishipa yake ya ndani hubadilika rangi kutokana na mabadiliko ya kikemikali katika mzizi wenyewe, na kazi hiyo huanza ndani ya siku moja au mbili na kuonekana wazi kufikia siku ya tatu. Ukungu na bakteria hufuata baadaye. Kwa hiyo mtu anayeangalia ganda tu hatajua lolote: muhogo utakuwa mgumu mkononi, utakuwa mzito, na ndani utakuwa umeharibika. Viazi vitamu, ambavyo watu wengi huviweka kundi moja na mihogo, hukaa majuma kadhaa mahali pakavu ikiwa havikuoshwa na ganda halikuchubuka, kwa sababu kiazi kitamu huweza kuziba majeraha yake kwa ganda jipya. Muhogo hauna uwezo huo wa kutosha.

Mihogo mingine tuliimenya, tukaikata na kuizamisha yote ndani ya maji safi kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali penye ubaridi. Maji huzuia hewa kuufikia mzizi, na hiyo inatupa siku moja zaidi, pengine mbili, endapo maji yatabadilishwa kila asubuhi. Maji yakianza kuwa na povu na harufu ya kuchachuka, mihogo haifai tena kwa kuchemsha. Njia ya zamani ya huku ni kuifukia mihogo isiyomenywa kwenye udongo wenye unyevu chini ya mgomba, nayo hufanya kazi kwa sababu hiyohiyo, lakini inafaa mihogo ambayo haina jeraha. Njia iliyo bora kuliko zote ni kuuacha muhogo shambani na kuung'oa siku ya kuupika. Sisi hatuna shamba la mihogo, kwa hiyo kwetu muhogo ni chakula cha Alhamisi na Ijumaa.

Mchana: wali na nyama iliyochemshwa tena. Jioni: mnavu, ambao ulikuwa umenyauka kidogo. Hapa niliweka kumbukumbu ya tofauti ambayo inaokoa mboga nyingi. Jani lililonyauka limepoteza maji tu. Ukilizamisha katika maji baridi kwa nusu saa hurudi kusimama, na ladha yake ni ileile. Jani lililooza huteleza kwa vidole, hutoa harufu, na rangi yake huwa nyeusi kwenye kingo. La kwanza hupikwa, la pili hupewa kuku au hutupwa shimoni. Nionavyo mimi, mboga nyingi zinazotupwa majumbani ni za aina ya kwanza.

Ijumaa na Jumamosi

Mihogo imekwisha Ijumaa asubuhi. Kipande kimoja kilikuwa na mistari ya bluu hadi katikati, nacho kilitupwa.

Mchicha wenye mizizi ulipikwa Ijumaa mchana ukiwa bado umesimama. Bamia zilifuata jioni. Bamia zinahitaji kutandazwa katika ungo bila kurundikana, kwani zikirundikwa ndani ya mfuko wa nailoni hupata joto kwa kupumua kwake na huanza kuteleza na kupata madoa meusi siku ya pili. Maharage mabichi yaliyo katika maganda yana tabia hiyo pia, na huo ni mtego wa pili baada ya muhogo: ganda linaonekana kuwa kinga, lakini mfuko uliofungwa wa maharage mabichi ukiuingizia mkono baada ya siku mbili utahisi joto ndani yake. Yetu yalitandazwa juu ya mkeka uvunguni mwa kitanda, yakapukuchuliwa Jumamosi asubuhi na kupikwa mchana kwa nyanya za kundi la pili, ambazo zilikuwa zimeiva vizuri.

Nyanya chungu zilikuwa za Jumamosi jioni. Zingeweza kusubiri hadi Jumapili, ila zikianza kugeuka rangi ya chungwa mbegu hukomaa na uchungu huongezeka, na watoto hawazigusi.

Jumapili na Jumatatu

Kuanzia hapa tumeingia katika vitu vigumu. Kabichi ya Lushoto ni kubwa kuliko mahitaji ya mlo mmoja wa watu sita, na swali lilikuwa namna ya kuitumia mara mbili. Nilizoea kuikata katikati na kufunga nusu iliyobaki. Mama mkwe huianza kutoka nje: hubandua jani mojamoja hadi apate kiasi cha mlo, na kichwa kinachobaki kinaendelea kuwa kizima, kikiwa na majani yake ya ndani yaliyofungana. Nusu iliyokatwa hugeuka kahawia kwenye ukingo siku inayofuata, na kichwa kilichobanduliwa hukaa juma jingine ikilazimu. Hatutaikata tena kabichi katikati.

Karoti zilikuwa zimekatwa majani yake Jumatano ileile tulipofika nyumbani. Majani yakiachwa hunyonya maji ya mzizi, na karoti huwa laini kama mpira ndani ya siku mbili tatu. Jumapili zilikuwa bado zinavunjika kwa mlio. Jumatatu tulipika viazi mviringo kwa rojo la nyanya za kundi la tatu, na hapo sado la nyanya likaisha lote isipokuwa nyanya moja iliyopasuka njiani.

Jumanne

Makande. Mahindi yaliyokobolewa vikombe viwili na maharage makavu kikombe kimoja, vyote vimelowekwa tangu Jumatatu usiku, maji ya kulowekea yakamwagwa na kuwekwa mapya. Yalichemka kwa saa mbili na nusu kwenye kuni. Nazi mbili zilizokuwa zimebaki zimekunwa leo: nazi nzima ambayo ukiitikisa unasikia maji ndani hukaa majuma kadhaa, lakini tui lake halivuki usiku kucha pasipo friji, kwa hiyo kukuna hufanywa saa ya kupika na si kabla. Jioni, nusu ya malenge. Nusu nyingine italiwa kesho asubuhi, kwa maana malenge zima lenye kikonyo chake hukaa miezi, na likishakatwa linaingia katika kundi la siku mbili kama mchicha.

Nyumba imefika siku ya gulio ikiwa na vitunguu, karoti chache, majani ya ndani ya kabichi na nusu ya malenge.

Juma lililofuata: ndizi na majani

Mpangilio wa milo haukubadilika sana. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka vitu. Tulinunua mkungu mdogo wa ndizi za kuiva na maparachichi, tukaviweka kwenye kona ileile ya stoo ilipokuwa kabichi na mchicha. Kufikia Ijumaa majani ya nje ya kabichi yalikuwa na madoa ya njano, na nyanya za kundi la tatu, zilizotakiwa kusubiri Jumatatu, zilikuwa nyekundu.

Sababu yake ni gesi ya ethilini ambayo ndizi, parachichi, embe na nyanya hutoa zinapoiva. Gesi hiyo huharakisha kuiva kwa matunda mengine na kuzeesha majani. Tumeitumia kwa faida pia: nyanya za kijani zilizochelewa tumezifungia ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja mbivu, nazo zikageuka rangi kabla ya wakati wake. Sasa matunda yanakaa sebuleni na majani yanakaa jikoni upande wa kaskazini, ambako ukuta haupigwi na jua. Vitunguu vimetundikwa ndani ya wavu karibu na dirisha, mbali na viazi, kwa sababu viazi hutoa unyevu ambao huvifanya vitunguu kuchipua na kuoza shingoni.

Juma la tatu: chungu ndani ya chungu

Mume wangu alipendekeza chungu cha kupooza: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaonyweshewa maji, juu kitambaa kilicholowa. Mbinu hii ni ya kale, na katika miaka ya 1990 mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza upya kaskazini mwa nchi yake. Maji yanapokauka kupitia ukuta wa chungu huchukua joto la ndani, na mboga hupoa.

Kwetu matokeo yalitegemea hali ya hewa kwa kiasi kikubwa. Siku mbili za upepo mkavu, mchanga ulihitaji kunyweshewa asubuhi na jioni na mchicha ulisimama hadi siku ya tatu. Ukungu uliposhuka mlimani mchanga ulibaki umelowa bila kunyweshewa kabisa, maana yake maji hayakuwa yanakauka, na ndani ya chungu palikuwa na joto lilelile la jikoni pamoja na unyevu mwingi; pilipili hoho zilipata ukungu mweupe kwenye vikonyo. Kipimo chetu kimekuwa hicho: ikiwa mchanga haudai maji kufikia jioni, mboga zinaondolewa chunguni na kurudishwa kwenye bakuli na ungo. Kwa sababu hiyohiyo sitarajii mbinu hii iwafae watu wa Tanga mjini au Pangani, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kwa watu wa Dodoma au Same ningewashauri waijaribu kabla ya kitu kingine chochote.

Maandalizi ya masika

Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, gari la kutoka tambarare huweza kukwama, na gulio huwa na kabichi, viazi na karoti za hapahapa pasipo mihogo, bamia wala nazi. Upande wa pili, bustani yetu itakuwa na majani mengi. Mpango wa juma kwa hiyo utageuka: majani yatachumwa bustanini siku ya kupikwa, na hayatahitaji nafasi yoyote mwanzoni mwa juma, kundi la siku mbili litabaki na nyama na maharage mabichi pekee. Kinachohitaji kununuliwa kabla ya mvua ni vitunguu na maharage makavu ya kutosha mwezi mzima. Vitunguu vinavyovunwa wakati wa mvua huwa na shingo nene yenye maji na havikai. Wiki ijayo nitakagua vile vya wavu kwa kubinya shingo kimoja kimoja. Vyenye shingo laini vitapikwa kwanza, na vyenye shingo kavu vitafungwa mafungu na kutundikwa juu ya jiko la kuni.